Kifungu cha Saba cha Mwalimu Kasanda

Wajukuu wangu wananicheka kwa sababu ninasoma kwa kidole, kama mtoto wa darasa la pili. Hata kadi ya harusi, kidole lazima kitembee. Waacheni wacheke. Kidole changu kilipata kazi yake Kindu, karibu na stesheni, katika miaka ile ambayo wanaume walivaa abakosti, ile suti isiyo na tai, kila mtu aliitwa citoyen, yaani mwananchi, na mimi nilikuwa nimenyang'anywa jina.

Nilibatizwa Marie-Louise. Serikali ilipoamua kwamba majina ya Kizungu yatupwe, nikabaki Mbombo, jina la bibi yangu wa Kasai. Mama alilia siku mbili. Mimi, niseme kweli, sikulia hata kidogo, maana Masista walikuwa wanalitaja Marie-Louise pale tu wanapotaka kunipiga.

Baba alikuwa fundi wa reli, na tulikaa katika nyumba za matofali za wafanyakazi. Nyumbani tulisema Kiluba, shuleni Kifaransa. Kiswahili nilikiokota kwa Mama Hawa, mjane wa Kiislamu aliyekuwa na kiwanja kikubwa nyuma ya ghala la stesheni. Babu za mume wake walikuja Maniema pamoja na wafanyabiashara wa pwani, na watu wa nyumba ile walisema Kiswahili kilichopigwa pasi. Nikikosea neno, Mama Hawa hakunisahihisha. Alilitaja vizuri katika sentensi yake mwenyewe, polepole, huku anapepeta mchele, kisha ananipa kipande cha mkate wa mchele kilichoungua pembeni. Vipande vile vya pembeni ninavitamani mpaka leo. Nimekula mikate mingi tangu hapo, na hakuna hata mmoja ulioungua namna ile.

Nilipofika miaka ishirini na miwili nilipata kazi ofisi ya zone, yaani ya wilaya, chini ya Mwalimu Kasanda. Yeye hakuwahi kufundisha shule yoyote. Walimwita hivyo kwa heshima, kwa kuwa alikuwa mtafsiri wa ofisi tangu wakati wa Wabelgiji, na hakuna kiwanja Kindu kilichobadilisha mkono bila karatasi kupita kwenye mashine yake ya kuandikia. Alikuwa mfupi, mkali, na alichukia mambo matatu: vumbi, wino wa kijani, na swali la “umeelewa?”

“Ukimuuliza muntu kama ameelewa, atakuambia ndiyo,” alisema. “Wote wanasemaka ndiyo. Muulize kesho atafanya nini. Pale njo utajua.” Njo yetu ya Kindu ni “ndio” ya pwani.

Kazi aliigawa katika mizunguko. Mzunguko wa kwanza unatafuta majina na tarehe. Wa pili unatafuta vipimo. Wa tatu ndio mgumu: unachukua penseli, unapiga mstari chini ya kila tendo katika Kifaransa, na juu yake unaandika nani analifanya. Nani anatoa, nani anapokea, nani anarudisha, nani anangoja. Halafu unafanya vilevile katika Kiswahili. Matendo yakiwa matano upande huu, yawe matano upande ule, na wenyewe wawe walewale. Maneno yanaweza kuwa matamu namna gani, hesabu ya matendo ikikataa, tafsiri ni mbovu. Na siku ya kusaini, mkalimani anasoma kwa sauti Kiswahili chote huku kidole cha kulia kiko kwenye Kiswahili na cha kushoto kwenye Kifaransa, vinashuka pamoja.

Nilimpenda yule mzee, ingawa alinitoa machozi zaidi ya Masista.

Mwaka wa sabini na nne ilikuja kampuni moja kutoka Kinshasa iliyotaka kujenga hangari kubwa ya kuwekea mizigo inayongoja treni. Walizunguka mji mzima. Kwingine maji ya Lualaba yalipanda, kwingine kulikuwa mbali na reli. Mahali pakavu, karibu na reli, pasipo na nyumba nyingi, palikuwa mahali pamoja tu: kwa Mama Hawa.

Mama Hawa hakutaka kuuza. Alikuwa na mtoto mmoja, Sharifa, aliyeolewa Kalima, na wajukuu wanne. “Hii parsele njo ya wale watoto,” alisema, akionyesha kiwanja chake. “Mimi nawaazima hawa wa kampuni tu, wakae, waende zao.” Akakubali kupangisha sehemu ya nyuma kwa miaka kumi, yeye akabaki na nyumba yake ya mbele.

Sasa lazima nieleze desturi yetu, maana kila kitu kilianguka hapo. Kindu, mtu akijenga juu ya kiwanja cha mwenzake, siku ya kuhama anabeba mabati yake, milango yake, madirisha na mbao za paa. Ukuta haubebwi. Ukuta umetoka katika udongo wa mwenye kiwanja, kwa hiyo unabaki kwake, na hakuna anayemlipa mwingine. Hakuna aliyeiandika desturi hiyo popote ila Mwalimu Kasanda, ambaye aliipiga kwenye mashine mara mia labda, katika mikataba yote ya kupangisha, na kila mara ilikaa kwenye kifungu cha saba.

Kifaransa cha kampuni kilifika kwa ndege siku ya alhamisi, kikiwa na vifungu kumi na viwili, na kusaini kulipangwa jumamosi. Mwalimu Kasanda alitafsiri peke yake. Zilikuwa zimebaki wiki tatu apewe pensheni, na alitaka hii iwe kazi yake ya mwisho kubwa. Ijumaa jioni alinipa nakala ya Kiswahili, safi, haina doa, na chini ya kila ukurasa sahihi yake ndefu na maneno “tafsiri ya kweli”. Kifua kilikuwa kinamsumbua, kwa hiyo mimi ndiye ningesoma. Kifaransa chenyewe kilikuwa kimefungiwa katika kabati la notere, ofisa anayepiga mihuri ya mikataba. Sikukiomba. Nani angekagua kazi ya Mwalimu Kasanda? Ingekuwa kama kumwonjea mama mzazi chumvi kwenye sufuria yake, mbele ya wageni.

Jumamosi tulikuwa watano katika ofisi ya notere, mbali na karani wake. Notere mwenyewe, citoyen Sumaili, mtu wa taratibu aliyependa mihuri yake kuliko chakula. Mjumbe wa kampuni, citoyen Mukuna, mwenye viatu vinavyong'aa na mkoba wa ngozi. Mama Hawa katika kitenge kipya. Mwalimu Kasanda dirishani, abakosti imepigwa pasi, mikono juu ya magoti kama anayepigwa picha. Na mimi, nimesimama, karatasi mbili mezani mbele yangu.

Nikaanza. Kifungu cha kwanza, majina. Cha pili, mipaka ya kiwanja: vidole vinashuka pamoja. Cha tatu mpaka cha sita, sawasawa, na nilisikia fahari kana kwamba nimeandika mwenyewe. Nikafika cha saba.

“Muda ukiisha, mpangaji atabeba mabati, milango, madirisha na mbao. Kuta na sakafu zitabaki kwa mwenye kiwanja, bila malipo.”

“Eeh,” alisema Mama Hawa, anatikisa kichwa. “Njo vile iko siku yote.”

Kidole changu cha kulia kilikuwa kimemaliza. Cha kushoto kilikuwa bado njiani. Kiswahili kilikuwa mistari miwili, Kifaransa kilikuwa minane.

Nikajifanya nakohoa, nikasoma ile minane kwa macho. Nilitafuta matendo kama nilivyofundishwa. Majengo yote yatabaki mali ya mpangaji, tendo la kwanza. Mwenye kiwanja akitaka kurudishiwa, atamlipa mpangaji thamani ya majengo yote, kwa bei ya siku hiyo, kabla ya kukabidhiwa. La pili, na mwenye kulipa ni Mama Hawa. Asipolipa katika siku tisini, mkataba unaanza upya kwa muda uleule. Ukiisha tena, vilevile tena.

Hangari ya saruji na chuma, ya urefu wa mabehewa manne! Mama Hawa angeuza kila punje ya mchele aliyopata kuigusa maishani na asingefikia nusu ya thamani yake. Wajukuu wangezeeka wanakitazama kiwanja chao kupitia ua wa seng'enge.

Nilijua palepale jinsi ilivyotokea, na ndiyo iliyoniuma. Mwalimu Kasanda alikuwa amehakikisha majina, tarehe, mipaka. Alipofika cha saba, jicho lake liliona maneno “mwisho wa muda” na “majengo”, na vidole vyake vikaandika vyenyewe kile vilichoandika kwa miaka ishirini na zaidi. Hakusoma karatasi ya Kinshasa. Alisoma Kindu.

Nikaendelea kusoma. Ndiyo, niliendelea, na aibu hiyo ninayo mpaka leo. Nilisoma cha nane, cha tisa, mdomo unakwenda na moyo umebaki nyuma. Nilikuwa ninamwona yule mzee dirishani, wiki tatu kabla ya pensheni, sahihi yake chini ya ukurasa. Mtafsiri aliyeapishwa akigeuza kifungu, hakimu anaweza kumwita. Nikajiambia nitamnong'oneza baadaye, tutarekebisha kimyakimya, siku nyingine. Halafu nikafika cha kumi na mbili: “Maandishi mawili yakitofautiana, Kifaransa ndicho kitakachofuatwa.” Hapakuwa na siku nyingine.

Jambo moja zaidi. Citoyen Mukuna alikuwa mtu wa Lubumbashi. Kiswahili alikijua. Niliposoma cha saba, alikuwa ameinama kutazama viatu vyake vinavyong'aa, na hakusema neno.

Notere alisukuma kalamu. Karani alikuwa amekwisha kuandika “hajui kusoma” pembeni ya jina la Mama Hawa na kuweka wino wa dole gumba. Mama Hawa akausogeza ule wino pembeni kwa heshima, akachukua kalamu, na kuigeuza mkononi ili aanzie upande wa kulia. Alijua kusoma vizuri sana, ila kwa herufi za Kiarabu, na jina lake aliliandika kwa herufi hizo. Kalamu iligusa karatasi.

“Mama, ngoja!” nikapiga kelele. Ndani ya ofisi ya serikali, kama muuza samaki.

Wote wakanitazama. Nilimgeukia notere, kwa maana mkalimani hamshauri mtu, hamwambii mtu asaini au asisaini. Kazi yake ni kusema kilichoandikwa. Hilo nalo alinifundisha Kasanda.

“Citoyen notere, Kiswahili nilichosoma kwenye kifungu cha saba hakifanane na Kifaransa. Mkalimani amekosea. Naomba nirudilie.”

“Umekosea wewe?” aliuliza notere.

“Mimi. Mdomo wangu njo ulisoma.”

Citoyen Mukuna akafunga mkoba, akaufungua tena. “Citoyenne, tuko na haraka. Ile tafsiri njo yenu, si yetu. Kifaransa njo kinahesabika, kifungu cha kumi na mbili kinasema.”

“Ndiyo sababu naomba nikisome, citoyen.”

Kiti kikalia dirishani. Mwalimu Kasanda alikuwa amesimama. Alikuja mezani polepole, akavaa miwani, akaweka kidole chake cha kushoto kwenye Kifaransa na cha kulia kwenye Kiswahili, kama mwanafunzi wa mwezi wa kwanza. Midomo yake ilihesabu matendo. Niliona ilipofika mwisho, na nilitamani ardhi inimeze mimi badala yake.

“Hapana,” alisema. “Si yeye. Andika, citoyen notere. Mutoto amesoma vile nimeandika. Mimi njo nimekosea. Sinyatiri iko yangu.” Akaigusa sahihi yake chini ya ukurasa.

Kisha akaniambia, kwa sauti ileile ya kila siku, sauti ya vumbi na wino wa kijani: “Soma ile minane. Yote. Usiruke kitu.”

Nikasoma moja kwa moja kutoka Kifaransa, tendo kwa tendo. Nilipomaliza sikumuuliza Mama Hawa kama ameelewa. Nilimuuliza: “Mama, miaka kumi ikiisha, utafanya nini?”

Alitazama kalamu mkononi mwake. “Nitalipa ile nyumba yao kubwa. Nikikosa, wanakaa kumi ingine. Na wajukuu wangu wanakufa wakiwa wageni kwao.” Akaweka kalamu chini, sambamba na ukingo wa meza. “Mimi nitasaini ile nilisikia kwanza. Hii ya pili sikuitolea parsele yangu.”

Citoyen Mukuna alibishana. Alisema hivyo ndivyo mikataba ya kampuni ilivyo nchi nzima, na kwamba saruji imekwisha kushushwa stesheni, haiwezi kungoja mvua. Hapo aliteleza, masikini, maana notere alikuwa mtu wa taratibu lakini si mjinga. “Kama saruji iko pale tayari,” alisema, “wenye haraka ni nyinyi. Mimi sipige muhuri juu ya watu wawili wenye kusikia mambo mawili.” Na akauvuta muhuri wake karibu na tumbo.

Mukuna akaenda posta kuzungumza na wakubwa wake kwa redio. Alikawia karibu saa mbili. Mama Hawa alitoa mkate wa mchele kwenye kikapu, akaugawa. Mwalimu Kasanda alikataa. Alisema hana njaa. Mama Hawa akamwekea kipande juu ya goti hata hivyo, kile cha pembeni kilichoungua, na nikamwona mzee anakila huku ametazama nje, miwani imejaa ukungu. Hakuna aliyemwambia pole. Nilitaka kumwambia, maneno yakanishinda, mimi ambaye ninalipwa kwa ajili ya maneno.

Mukuna alirudi, jasho mgongoni. Kampuni inakubali kuacha kuta bila malipo, lakini badala ya miaka kumi inataka kumi na tano. Mama Hawa alihesabu umri wa wajukuu kwenye vidole. Akakubali.

“Basi tunahitaji Kifaransa kipya cha kifungu cha saba,” alisema notere. “Nani ataandika?”

Nilichukua kalamu. Kisha nikaona kichekesho cha jambo lenyewe, nikaiweka mbele ya Mwalimu Kasanda.

“Mwalimu, Kiswahili chake kiko tayari,” nilisema. “Kinangoja tu kutafsiriwa.”

Alifuta miwani. Halafu akapindua karatasi yake mwenyewe, ile yenye kosa, na kwa mwandiko wake wa Wabelgiji akaigeuza kwa Kifaransa, tendo kwa tendo, bila kubadilisha hata nukta. Mabati, milango, madirisha, mbao. Kuta na sakafu. Bila malipo. Nilikagua kwa vidole viwili. Notere alisoma, akapiga mihuri kwa furaha ya mtu aliyenyimwa chakula tangu asubuhi. Na kifungu cha kumi na mbili, Mama Hawa alitaka kiandikwe kwamba maandishi yote mawili yana nguvu sawa. Mukuna alikuwa amechoka mno kukataa. Mama Hawa akaandika jina lake kutoka kulia, herufi nzuri zilizolala kidogo, na karani akafuta “hajui kusoma”.

Mwalimu Kasanda alipewa pensheni yake wiki tatu baadaye, na hotuba, na redio ya betri. Hakuitwa na hakimu yeyote. Lakini hakutafsiri tena, hata barua ya jirani. Nilikwenda kwake jumapili nyingi kumbembeleza. “Jicho langu linajua sana,” alinijibu. “Jicho la mtafsiri lisijue kitu.” Alifariki mwaka wa themanini na tatu, na mimi nikarithi mashine yake ya kuandikia, ambayo herufi ya K ilikuwa imechakaa.

Kampuni iliondoka mwaka wa themanini na tisa. Treni zilikuwa zimepungua, mizigo imekwisha, stesheni imeota majani. Walibeba mabati, milango, madirisha na mbao. Mama Hawa alikuwa mzee, haoni vizuri, na aliniita nije na karatasi ya mkataba. Tulisimama mimi na yeye na mjukuu wake mkubwa ndani ya kuta nne ndefu zisizo na paa, jua linaingia mpaka sakafuni. Ilikuwa sakafu nzuri ajabu ya kuanikia mpunga.

“Nisomee kifungu,” alisema. “Kifungu cha Kasanda.”

Nikaziegemeza karatasi mbili ukutani, nikaweka vidole vyangu, na nikasoma polepole kwa sauti. Mistari miwili huku, mistari miwili kule. Vilifika pamoja.